Kifurushi Kimekwama Kituo cha Kupanga Mizigo: Maneno ya Kutumia Kwenye Simu

Nakala ya mazungumzo kwa wakaazi wenye biashara ndogo wanaoagiza bidhaa kutoka mbali



Chukulieni mfano wa fundi cherehani mwenye duka Malindi. Amepata kazi ya kushona sare 140 za shule huko Mariakani, akaona ni nafuu kuhamishia cherehani zake huko kwa mwezi mmoja, kwa dada yake, kuliko kusafirisha vitambaa na sare kila wiki. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mota ya cherehani kubwa ikaungua. Akapigia duka la vipuri Nairobi, akalipa, na duka likapeleka mota kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi siku hiyo hiyo. Duka lilikuwa na anwani yake ya zamani kwenye daftari, kwa hivyo kifurushi kikaandikwa Malindi. Tena karani akakosea tarakimu moja ya nambari yake ya simu.

Lori lililobeba mota lilipita Mariakani usiku, likapimwa uzito pale mizani, likaendelea hadi Mombasa. Fundi amelala nusu kilomita kutoka barabarani na mota imempita. Asubuhi, akifungua ukurasa wa kufuatilia mizigo kwenye simu yake, anaona maneno haya: "Arrived at Hub - Mombasa". Siku ya pili maneno ni hayo hayo. Siku ya nne, bado. Ni Jumanne, na sare zinatakiwa Jumatatu.

Watu wengi wakifika hapo hupiga simu wakiwa na hasira, wakaeleza kisa kizima tangu mota kuungua, wakaambiwa "tutafuatilia", simu ikakatwa. Wakirudi kupiga kesho yake wanapokelewa na mhudumu mwingine asiyejua lolote, na kisa kinaanza upya. Kinachosaidia ni kujua kifurushi kinavyosafiri, kisha kuomba mambo manne kwa mpangilio wake: kisimamishwe, kielekezwe upya, kibandikwe lebo mpya, na mpigaji apewe nambari ya ombi lake.

Kwanza, safari yenyewe. Kifurushi kikipokelewa Nairobi hubandikwa lebo yenye nambari yake, jina la mji kinakokwenda na ile mistari myeusi inayosomwa kwa mashine. Vifurushi vya upande mmoja hutiwa pamoja kwenye magunia au vizimba, hufungwa kwa lakiri, na lori huondoka. Dereva hajui kilichomo na haruhusiwi kukata lakiri njiani. Ndiyo maana mota haikuweza kushushwa Mariakani hata kama fundi angesimama barabarani na kitambulisho mkononi. Magunia hufunguliwa kituo cha kupanga mizigo, na hapo kila kifurushi husomwa lebo na kutupwa kwenye kizimba cha mji wake: Malindi, Lamu, Kwale, Voi.

Mfanyakazi wa pale hasomi jina la mwenye kifurushi wala hafuatilii kilichosemwa kwenye simu. Anasoma lebo. Jambo hili ndilo kiini cha mazungumzo haya, na ndilo linalowaponza walio wengi. Mhudumu wa simu anaweza kubadilisha anwani kwenye kompyuta, kwa nia njema kabisa, na kifurushi kikaenda Malindi vilevile kwa sababu karatasi iliyobandikwa juu yake bado inasema Malindi.

Pia si kila kifurushi kinachoonekana kimekwama kimekwama kwa namna moja. Kipo kinachosubiri gari tu: kiko ndani ya kizimba cha mji wake, na gari halijaondoka kwa sababu mzigo haujajaa au gari limeharibika. Na kipo kilichowekwa kando. Kila kituo kina rafu ya mizigo yenye kasoro: lebo imechanika, simu ya mpokeaji haipatikani, mji haueleweki, au kuna pesa hazijalipwa. Kifurushi cha kwanza kitaondoka chenyewe wakati wowote, pengine mpigaji akiwa bado kwenye simu. Cha pili hakitaondoka kamwe mpaka mtu atoe maagizo, na siku zikizidi hurudishwa kwa mtumaji. Kwa hivyo swali la kwanza kwenye simu ni hilo: kinasubiri gari, au kimewekwa kando?

Kabla ya kupigia kampuni, fundi anapaswa kumpigia mtumaji. Hili huonekana kama kupoteza muda, lakini mara nyingi mkataba wa usafirishaji ni kati ya kampuni na aliyepeleka kifurushi kaunta. Yeye ndiye aliyelipa na kutia sahihi. Kampuni nyingi hazikubali mpokeaji abadilishe mji bila mtumaji kuridhia, na wana sababu nzuri: mwizi akishajua nambari ya kifurushi anaweza kupiga simu, ajifanye mpokeaji, na kukielekeza mahali pengine. Basi fundi amwombe mwenye duka afanye mambo mawili. Kwanza, atume ujumbe mfupi au barua pepe kwa kampuni, kutoka kwenye nambari ile ile iliyoandikwa kwenye risiti, akisema ameridhia kifurushi kipelekwe Mariakani. Pili, apige picha risiti aliyopewa kaunta na kumtumia fundi.

Picha hiyo ya risiti ni dhahabu. Ina nambari kamili ya kifurushi, tarehe, uzito, kilichoandikwa kuwa ndani, thamani iliyotajwa na nambari rasmi ya simu ya kampuni. Fundi ataona pia ile tarakimu iliyokosewa, na hapo atajua kwa nini hakuna aliyempigia siku zote nne. Nambari ya kampuni ichukuliwe hapo kwenye risiti, isichukuliwe kwenye ujumbe uliokuja kwa simu wala kwenye tangazo la mtandaoni. Ikianza na 0800, simu hiyo haitozwi pesa.

Sasa simu yenyewe. Ipigwe asubuhi ofisi ikifunguliwa, kabla pilkapilka za mchana hazijaanza. Karatasi iwe mezani na kalamu mkononi. Mazungumzo yaliyo hapa chini yanaweza kusomwa karibu neno kwa neno, kila mtu akiweka nambari na miji yake.

Mhudumu: Habari ya asubuhi, karibu. Nikusaidie vipi?

Fundi: Salama, ndugu yangu. Nina kifurushi kiko kituo chenu cha Mombasa tangu Ijumaa. Naomba kisiendelee na safari, kisha kielekezwe mji mwingine. Niko tayari na nambari yake.

Mhudumu: Nambari tafadhali.

Fundi: M ya Mombasa, N ya Nakuru. Halafu nne sifuri, saba tatu, moja nane, mbili sita. Naomba unisomee ulivyoandika.

Tuseme kidogo juu ya hapo. Fundi hakuanza na mota kuungua wala sare za watoto. Sentensi tatu zimemwambia mhudumu kifurushi kiko wapi, kinatakiwa kufanywa nini na kwamba nambari ipo. Herufi amezitaja kwa majina ya miji kwa sababu M na N kwenye simu husikika kama mapacha, na B, D na P nazo ni vivyo hivyo. Tarakimu amezisema mbilimbili, na akaomba asomewe. Penye sifuri aseme sifuri, asiseme "o", maana mhudumu anaweza kuandika herufi. Vifurushi vya Posta vina nambari ya mtindo wa kimataifa: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha KE. Tarakimu ya tisa hupatikana kwa hesabu inayofanywa juu ya zile nane za kwanza, kwa hivyo tarakimu moja ikikosewa kompyuta inaweza kuikataa nambari nzima. Mhudumu akisema "haipo kwenye mfumo", isomwe upya polepole kabla ya kuanza kubishana.

Mhudumu: Nimekiona, mama. Kinakwenda Malindi.

Fundi: Asante. Naomba unisaidie jambo moja kwanza. Hicho kifurushi kinasubiri gari la Malindi, au kimewekwa kando?

Mhudumu: Hapa naona tu kimefika kituoni.

Fundi: Naomba uulize watu wa kituo, tafadhali. Ninaweza kusubiri kwenye laini, au unipigie baada ya dakika kumi na tano. Nambari yangu ni hii ninayopigia, ile iliyo kwenye risiti ina kosa la tarakimu moja ya mwisho.

Mhudumu: Subiri kidogo. Ni kweli, wamekiweka kando. Wanasema mteja hakupatikana kwa simu.

Fundi: Basi naomba uandike sasa hivi kwamba kishikiliwe hapo Mombasa, kisipakiwe gari lolote mpaka anwani ibadilishwe. Umeshaandika?

Hapa ndipo penye subira. Mpigaji mwenye haraka hurukia anwani mpya moja kwa moja. Lakini kuelekeza upya huchukua saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima, kwa sababu kunahitaji idhini na mtu wa kwenda rafuni. Kusimamisha huchukua dakika moja. Kama kifurushi kingekuwa kizimbani kikisubiri gari, agizo la kukishikilia ndilo lingekiokoa, na ndiyo sababu linatangulia. Hata kama kimewekwa kando liandikwe tu, maana mfanyakazi wa zamu ya jioni anaweza kuamua kukijaribu tena kwa gari la Malindi.

Mhudumu: Nimeandika kishikiliwe. Sasa unataka kiende wapi?

Fundi: Kiende ofisi yenu ya Mariakani, nikichukue mwenyewe pale kaunta. Kisipelekwe nyumbani. Mtumaji ameridhia, amewaandikia leo asubuhi kutoka kwenye simu iliyo kwenye risiti. Naomba uangalie kama ujumbe wake umefika.

Mhudumu: Umefika. Lakini kuna ada ya kubadilisha mji.

Fundi: Ni shilingi ngapi, na inalipwa wapi?

Mhudumu: Shilingi 250. Unalipa kaunta unapochukua.

Kiasi hicho ni cha mfano huu tu, kila kampuni ina chake. La muhimu ni maswali mawili: kiasi gani, na kinalipwa wapi. Jibu zuri ni kaunta, au Lipa na M-Pesa yenye jina la kampuni. Mhudumu akitaja nambari ya simu ya mtu binafsi, mpigaji asilipe. Aseme atalipa kaunta, akate simu, kisha apige tena ile nambari ya kwenye risiti. Na hakuna kifurushi duniani kinachohitaji nambari ya siri ya M-Pesa, wala zile tarakimu za muda mfupi zinazotumwa kwa ujumbe. Mhudumu wa kweli ataomba jina, nambari ya kifurushi, pengine kilichomo na uzito wake. Kitambulisho kitaonyeshwa kaunta.

Kuna sababu pia ya kuchagua ofisi badala ya nyumba. Fundi yuko kwa dada yake, nyuma ya shule, karibu na mwembe. Maelezo hayo yanamtosha mtu wa Mariakani, lakini yakiandikwa kwenye lebo na karani wa Mombasa yanaweza kukirudisha kifurushi kwenye ile rafu ya kasoro. Ofisi ya kampuni ina jina moja na haihami. Kama kampuni haina ofisi Mariakani, aulize ofisi iliyo karibu zaidi ni ipi. Kwenda mwenyewe Mombasa, takriban kilomita 36, kunaweza kuwa rahisi kuliko kusubiri kifurushi kiende Malindi, takriban kilomita 120 upande mwingine, kisha kirudi. Si kila kituo cha kupanga mizigo kina kaunta ya wateja, kwa hivyo aulize kabla ya kupanda matatu.

Fundi: Nimekubali shilingi 250. Sasa naomba kifurushi kibandikwe lebo mpya ya Mariakani, na ile ya Malindi ifunikwe kabisa. Nambari itabaki ile ile au itakuwa mpya?

Mhudumu: Itabaki ile ile, mama. Tunabadilisha tu kwenye mfumo.

Fundi: Naelewa ndugu yangu, lakini pale kituoni wanasoma lebo. Naomba uandike kwenye ombi: lebo ibadilishwe. Nani atakayeibadilisha, na saa ngapi?

Mhudumu: Nitamwandikia msimamizi wa kituo. Itakuwa kabla ya saa nane mchana.

Swali la saa ngapi lina kazi yake. "Tutafuatilia" haina muda, kwa hivyo mpigaji hawezi kujua limeshindikana mpaka siku zipite. "Kabla ya saa nane" linaweza kukaguliwa leo leo. Na kufunika lebo ya zamani si ukaidi. Kifurushi chenye lebo mbili zinazoonekana kinaweza kusomwa lebo yoyote, kutegemea kimelala upande gani.

Fundi: Asante sana. Naomba nambari ya ombi hili, na jina lako.

Mhudumu: Nambari ni 5518. Jina tumia la dawati la wateja.

Fundi: Haya. Nisome nilivyoandika: ombi 5518, kifurushi kishikiliwe Mombasa, lebo mpya ya Mariakani kabla ya saa nane, nambari ya simu irekebishwe, nichukue kaunta na kitambulisho, ada shilingi 250. Ni sawa?

Mhudumu: Ni sawa.

Fundi: Naomba unitumie hayo kwa ujumbe mfupi. Na kama kitakwama tena, kitarudishwa kwa mtumaji tarehe ngapi?

Mhudumu: Baada ya siku kumi na nne tangu kufika kituoni.

Fundi: Asante ndugu yangu, siku njema.

Wahudumu wengine hawaruhusiwi kutaja majina, na hakuna haja ya kugombana juu ya hilo. Nambari ya ombi ndiyo yenye nguvu, kwa sababu mhudumu wa kesho ataifungua na kukuta kila kilichosemwa leo. Swali la mwisho, la tarehe ya kurudishwa, husahaulika sana. Kifurushi kikisharudi Nairobi safari inaanza upya, na mara nyingi na nauli upya.

Saa nane ikifika, fundi hapigi simu kwanza. Anafungua ukurasa wa kufuatilia mizigo. Anachotafuta ni mstari mpya wenye saa ya leo, unaoonyesha kwamba kifurushi kimesomwa tena na mji umebadilika. Mstari ukisema anwani imebadilishwa lakini hakuna usomaji mpya wa mashine uliofuata, maana yake kompyuta imebadilika na karatasi pengine bado. Hapo anapiga tena, na safari hii simu ni fupi mno: "Nambari ya ombi 5518. Lebo ilitakiwa kubadilishwa kabla ya saa nane. Naomba uulize kituo kama imebandikwa." Asieleze kitu kingine.

Mambo hayaendi hivyo kila mara. Mhudumu anaweza kusema gari la Malindi limeshaondoka na kifurushi kimo ndani. Hapo si vyema kuomba gari lisimamishwe, hakuna atakayelisimamisha. Ombi linageuka: kifurushi kishikiliwe ofisi ya Malindi, kisipelekwe dukani kwake palipofungwa. Kisha fundi achague kati ya njia mbili. Akiwa na mtu wa kuaminika Malindi, amwandikie barua ya idhini yenye nambari ya kifurushi, majina ya wote wawili na nambari za vitambulisho, amtumie pamoja na nakala ya kitambulisho chake, mtu huyo achukue na kumpelekea kwa basi. Kabla ya hapo aulize ofisi kama wanakubali barua ya picha kwenye simu, maana nyingine hutaka karatasi. Akikosa mtu, kielekezwe upya kutoka Malindi, na ajue kwamba kitapitia tena kituo kile kile cha Mombasa.

Mhudumu anaweza pia kukataa kabisa: "Mtumaji ndiye anayepaswa kupiga." Mpigaji asibishane. Aombe tu kifurushi kishikiliwe kwa siku moja wakati mtumaji anapiga. Wengi hukubali hilo, kwa sababu kushikilia hakumpi mtu yeyote kifurushi.

Kwa kilichotoka nje ya nchi, neno "Held" kwenye ukurasa linaweza kumaanisha forodha. Kinachokizuia hapo ni ushuru au karatasi za Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, na kampuni haiwezi kukielekeza popote mpaka kitolewe. Swali la kuuliza ni moja: kinasubiri karatasi gani? Nayo mizigo iliyopelekwa kwa mabasi ni habari nyingine kabisa. Mabasi mengi hayana kituo cha kupanga wala lebo ya mashine, na mtu wa kupigia ni karani wa ofisi ya stejini, akitajiwa nambari ya basi na saa lilipoondoka.

Simu zikishindwa, malalamiko yaandikwe kwa kampuni yenyewe kwanza, kwa barua pepe au barua ya mkono iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Yataje nambari ya kifurushi, nambari ya ombi, tarehe na saa za kila simu, na kinachodaiwa: kifurushi kifikishwe, au thamani yake irudishwe. Hapa ile thamani iliyotajwa kaunta siku ya kutuma inakuwa na uzito, kwani kampuni nyingi huweka kikomo cha fidia kwa vifurushi visivyotajiwa thamani, na kikomo hicho kimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya risiti. Kampuni za vifurushi nchini hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na malalamiko yasiyojibiwa hupelekwa huko, pamoja na nakala ya yale yaliyopelekwa kwa kampuni. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na fidia ya hasara iliyotokana na kasoro ya huduma, na ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Serikali ya kaunti haitoi leseni hizo, kwa hivyo kumpelekea msimamizi wa wadi kifurushi kilichopotea kutachelewesha tu.

Tumrudie fundi. Saa tisa kasoro siku ile ile, ukurasa ulionyesha kifurushi kimesomwa upya, mji Mariakani. Alhamisi asubuhi akapata ujumbe kwamba kimefika, safari hii kwenye nambari sahihi. Alienda na kitambulisho, risiti ya picha na shilingi 250. Kabla ya kutia sahihi alikigeuza kifurushi pande zote sita, akaona kona moja imebonyea, akaomba kifunguliwe pale pale mbele ya karani na hali yake iandikwe kwenye karatasi ya kupokelea. Mota ilikuwa nzima. Kilichovunjika ni kifuniko cha plastiki cha mkanda, na karani akakiandika. Fundi akatia sahihi chini ya maandishi hayo, akapiga picha karatasi, na saa sita mchana cherehani ilikuwa inazunguka.